Vichwa na vitufe vya jaribio la A/B: ubadili maneno, ubadili hoja, au uazime swali la mteja?

Ukurasa wa kuuzia ukishaanza kuleta oda, mwenye nao huanza kujiuliza kama kichwa kingine kingeleta oda zaidi. Hukaa akaandika vichwa vinane au kumi, akavitia kwenye jaribio la A/B, yaani kuwagawa wageni kwa bahati ili kila kundi lione toleo lake, na baada ya wiki tatu anabaki na tarakimu zinazokaribiana kiasi kwamba hawezi kuamua lolote. Mara nyingi jaribio lenyewe halina kosa. Vichwa vile vilikuwa ndugu wa kile cha zamani, vikisema jambo lilelile kwa maneno tofauti kidogo.

Matoleo ya kujaribu hupatikana kwa njia tatu kutoka kwenye maandishi uliyo nayo tayari: kubadili maneno na kuiacha hoja, kuitoa hoja nyingine iliyofichwa chini ya ukurasa na kuipandisha juu, au kuchukua swali wanaloliuliza wateja na kulifanya kichwa. Nitazilinganisha kwa mfano mmoja, kisha nitaeleza jinsi kitufe kinavyofuata.

Tuchukue kituo kidogo cha kuangua vifaranga huko Mukono, Uganda. Kina ukurasa wa Kiswahili kwa ajili ya wafugaji wa Arua, Kasese na Busia, pamoja na wanunuzi wanaovuka mpaka kutoka Kongo na Kenya. Kwa siku ukurasa unapata wageni 300 hivi, na katika kila wageni 100, wanne huishia kulipa arubuni, yaani ile sehemu ya bei inayolipwa mapema ili oda ishikiliwe. Maandishi yake ni haya:

Kichwa: "Vifaranga bora kwa bei nafuu."

Maelezo: "Tunauza vifaranga wa siku moja, wa nyama, wa mayai na kuroila. Wote wamechanjwa mareksi kabla ya kutoka kituoni. Tunaangua Jumatatu na Alhamisi. Tunatuma kwa basi hadi Arua, Kasese na Busia. Kila boksi la vifaranga 100 tunaongeza wawili wa kufidia vifo vya njiani. Unalipa arubuni kwa MTN au Airtel, salio unapopokea."

Kitufe: "Endelea." Ukikibonyeza inafunguka WhatsApp ya kituo.

Njia ya kwanza: kubadili maneno

Hapa unaandika "Vifaranga imara kwa bei poa", "Pata vifaranga wazuri bila gharama kubwa", au "Vifaranga wa uhakika, bei ya mfugaji". Ni kazi ya dakika kumi, haihitaji kumuuliza mtu yeyote kituoni, na haina hatari ya kuahidi kitu kisichokuwepo. Ndiyo maana watu huikimbilia.

Tatizo lake linaonekana kwenye hesabu. Kuna kanuni rahisi ya kukadiria wageni wanaohitajika kwa kila toleo: 16 mara kiwango cha sasa, mara kile kinachobaki hadi kufika 1, gawanya kwa mraba wa tofauti unayotaka kuweza kuiona. Kanuni hii inakupa nafasi ya takriban 80 kwa 100 ya kuiona tofauti hiyo ikiwa kweli ipo.

```
n = 16 * p * (1 - p) / d^2
```

Kwa kituo chetu p, yaani kiwango cha sasa, ni 0.04. Tuseme kichwa kilichobadilishwa maneno tu kinaweza kupandisha oda kutoka wateja 4 katika 100 hadi 4.4. Hiyo ni tofauti, yaani d, ya 0.004, na kanuni inadai wageni 38,400 kwa kila toleo. Matoleo mawili yanahitaji 76,800. Kwa wageni 300 kwa siku, hiyo ni zaidi ya miezi minane. Hakuna mwenye kituo atakayesubiri hivyo, na hata akisubiri, ndani ya miezi minane bei ya chakula cha kuku itakuwa imebadilika na wanunuzi wenyewe watakuwa wengine.

Je, njia hii haina kazi kabisa? Inafaa mahali penye umati. Kampuni ya simu, benki au duka kubwa la mtandaoni lenye wageni laki kadhaa kwa wiki linaweza kupima neno kwa neno na likapata jibu, na kwa kiasi hicho cha mauzo hata nyongeza ndogo ina maana. Kwa kituo cha Mukono, kubadili maneno ni kazi ya mhariri. Kama "bei poa" inasomeka vizuri zaidi, iandike tu bila jaribio.

Njia ya pili: kuipandisha hoja iliyo chini

Soma tena maelezo ya ukurasa ule. Kichwa kinadai ubora na unafuu, madai ambayo kila muuza vifaranga kuanzia Kampala hadi Mbarara anayatoa. Lakini chini yake kuna mambo manne ambayo si kila mmoja anaweza kuyasema: chanjo, siku za kuangua, usafiri wa basi na wale wawili wa nyongeza. Kila moja linaweza kuwa kichwa:

"Vifaranga waliochanjwa mareksi kabla ya kupanda basi."

"Kila vifaranga 100, tunakuongezea wawili."

"Tunaangua Jumatatu na Alhamisi, tunatuma Arua, Kasese na Busia."

Hivi vichwa vinamgusa msomaji mahali tofauti. Cha kwanza kinasema na mfugaji aliyewahi kuona kuku wakipooza miguu wiki kadhaa baada ya kununuliwa, kwa sababu chanjo ya mareksi, ugonjwa huo wa kupooza, hutolewa siku ya kwanza, pale kituoni, na mnunuzi hana namna ya kuiona kwa macho. Cha pili kinasema na anayeogopa vifo vya njiani. Cha tatu kinasema na aliyeko mbali, ambaye swali lake la kwanza ni kama huduma inamfikia. Kwa kuwa hoja zinatofautiana, na matokeo yana nafasi ya kutofautiana kwa ukubwa unaoweza kupimika. Ukitafuta kupanda kutoka 4 hadi 6 katika 100, kanuni ileile inadai wageni 1,536 tu kwa kila toleo. Matoleo mawili yanamalizika kwa siku kumi na kidogo. Nawe utaacha jaribio liende wiki mbili kamili, kwa sababu siku ya soko na Jumapili hazileti watu wa aina moja.

Njia hii ina hatari yake, nayo huingia kimyakimya. Ukiwa unaandika kichwa cha tatu, kalamu itakuvuta uongeze "wanafika Arua kesho yake asubuhi". Maandishi ya ukurasa hayakusema hivyo. Inawezekana ni kweli, lakini lazima umuulize anayepakia maboksi kwenye basi. Kifaranga anaweza kuishi takriban saa 72 tangu kuanguliwa bila chakula wala maji, akitegemea kiini cha yai kilichobaki tumboni, kwa hiyo basi lililochelewa usiku mmoja haliwaui wote. Lakini mteja aliyeahidiwa asubuhi na akapokea jioni hatarudi, na jaribio lako halitamwona kwa sababu lilishahesabu arubuni yake kama ushindi. Shika sheria moja: kila dai katika toleo jipya lionyeshwe kwa kidole katika maandishi ya zamani. Likikosekana, liulizwe au liondolewe.

Njia ya tatu: swali la mteja

Fungua WhatsApp ya kituo, soma ujumbe wa kwanza wa kila mteja kwa mwezi uliopita, uandike maswali pembeni bila majina ya watu. Utakuta yanajirudia: "Bei ya leo ni ngapi?" "Mnafika Bwera?" "Wakifa njiani inakuwaje?" Kutokana na hayo unaandika:

"Wakifa njiani inakuwaje? Kila boksi lina wawili wa ziada."

"Uko Kasese au Arua? Vifaranga wanakufuata kwa basi."

Naipenda njia hii kuliko zote mbili, kwa sababu lugha inakuja ikiwa tayari ni ya wanunuzi. Mfugaji wa Arua na yule wa Busia hawazungumzi Kiswahili cha namna moja, na maswali yao hukuonyesha ni maneno gani wote wawili wanayatumia bila kufikiri. Pia hukuonyesha jambo ambalo ukurasa haujajibu. Kama watu wengi wanauliza bei, na ukurasa haukuitaja popote, umepata zaidi ya kichwa: umepata pengo la kuziba.

Ila pana mambo mawili ya kuyatazama. La kwanza, wanaoandika WhatsApp ni wale waliokwisha kuvutiwa. Maswali yao si ya mtu aliyefika ukurasani sasa hivi, ambaye pengine bado hajui kama kituo hiki ni cha kweli. La pili, kichwa kinachotaja kifo kinaweza kumpa wasiwasi mtu ambaye hakuwa nao. Kwa mfugaji mzoefu, "wakifa njiani" ni uaminifu. Kwa anayenunua boksi lake la kwanza, ni tangazo la hasara. Huwezi kulitatua hilo mezani, ndiyo maana kichwa cha aina hii kinastahili kupimwa na hakistahili kubandikwa moja kwa moja.

Zikiwekwa kando kwa kando, njia zote tatu zinaonekana hivi:

| | Maneno | Hoja | Swali la mteja |
|---|---|---|---|
| Kazi ya kuandaa | dakika chache | saa moja, na kuuliza kituoni | nusu siku ya kusoma ujumbe |
| Tofauti inayotarajiwa | ndogo | kubwa | kubwa, juu au chini |
| Wageni wanaohitajika | makumi ya maelfu | elfu chache | elfu chache |
| Hatari kuu | kupoteza muda | kuahidi kisichokuwepo | kuamsha hofu |

Kitufe: kiseme kinachofuata

Kwenye vitufe watu hubishana kuhusu "Agiza" au "Nunua", na hapo pia ubishi huwa wa maneno. Kitu cha kulinganisha ni kile ambacho kitufe kinaahidi kitatokea. "Endelea" hakiahidi kitu. "Agiza vifaranga" kinaahidi kwamba ukibonyeza umeshaanza kununua. "Uliza bei ya wiki hii" kinaahidi jibu bila kumfunga mtu. "Lipa arubuni" kinaahidi ukurasa wa malipo, na kwa kuwa kitufe chetu kinafungua mazungumzo, hicho nakiondoa kabisa. Mtu aliyejiandaa kulipa akakutana na mazungumzo hushtuka, na kwa Uganda, ambako ujumbe wa utapeli wa pesa za simu ni jambo la kila siku, mshtuko huo humfanya afunge simu.

Hapa ndipo jaribio linapoweza kukudanganya. Tuseme "Agiza vifaranga" kimepata mibonyezo 150 na "Uliza bei ya wiki hii" mibonyezo 240, kwa wageni walio sawa. Ukitazama mibonyezo, cha pili kimeshinda kwa mbali. Ukitazama arubuni, cha kwanza kina 63 na cha pili 58. Yaani kitufe laini kimeleta watu wengi wa kuuliza, mhudumu amejibu ujumbe 90 zaidi, na mauzo hayakuongezeka. Kwa hiyo amua kabla ya kuanza kwamba kipimo ni arubuni zilizolipwa ndani ya siku saba tangu mtu aanze mazungumzo, na usikibadilishe kipimo hicho katikati.

Lakini arubuni inalipwa kwa simu, nje ya ukurasa. Utajuaje mlipaji aliona toleo gani? Njia rahisi ni kuweka herufi kwenye ujumbe ambao WhatsApp inamwandikia mteja tayari:

```
https://wa.me/2567XXXXXXXX?text=Naomba%20vifaranga%20(A)
https://wa.me/2567XXXXXXXX?text=Naomba%20vifaranga%20(B)
```

Mhudumu anaandika herufi hiyo kwenye daftari la oda, na malipo yakifika anaweka alama. Wapo watakaofuta herufi au watakaopiga simu moja kwa moja. Wahesabu pembeni, usiwagawe kwa kukisia.

Kichwa na kitufe pamoja, au kimoja kimoja?

Vichwa vitatu na vitufe viwili vinafanya michanganyiko sita. Kwa kanuni yetu, sita mara 1,536 ni wageni 9,216, mwezi mzima kwa kituo cha Mukono. Kuna na ubaya mwingine: ukilinganisha matoleo matano mapya na la zamani, kila moja kwa kiwango cha kawaida cha kukubali kosa la 5 katika 100, uwezekano wa angalau moja kuonekana mshindi kwa bahati tu unafika karibu 20 katika 100. Mwenye kituo angebadili ukurasa kwa sababu ya bahati hiyo.

Kwa ukurasa wa kiasi hiki nachagua jozi. Kichwa kimoja kipya pamoja na kitufe kinachokifuata, dhidi ya jozi ya zamani. "Kila vifaranga 100, tunakuongezea wawili" kinakaa na "Agiza boksi lako". "Uko Kasese au Arua? Vifaranga wanakufuata kwa basi" kinakaa na "Uliza basi la wiki hii". Ukibadili kichwa ukaacha "Endelea", msomaji anafika chini akiwa na hamu, kisha anakuta neno lisilohusiana na alichosoma. Gharama ya jozi ni kwamba ikishinda, hutajua ni kichwa au ni kitufe kilicholeta ushindi. Mwenye wageni 5,000 kwa siku asiikubali gharama hiyo, apime kila kimoja peke yake. Mwenye 300 aikubali.

Pale mgawanyo unapoharibika

Jaribio linasimama juu ya jambo moja: nani anaona nini kiamuliwe kwa bahati nasibu, kwa wakati uleule. Kuweka kichwa cha zamani Oktoba na kipya Novemba si jaribio. Kuku wa nyama huchukua wiki tano hadi sita kufikia uzito wa kuuzwa, kwa hiyo wanaolenga Krismasi hununua vifaranga kuanzia mapema Novemba, na kichwa chochote utakachokiweka mwezi huo kitaonekana kama ndicho kilicholeta oda.

Kuhusu zana, wengi walizoea Google Optimize, ambayo Google iliifunga Septemba 2023. Zana nyingi zilizobaki hubadilisha maandishi ndani ya simu ya mgeni baada ya ukurasa kufunguka. Kwenye mtandao wa polepole, mgeni huona kichwa cha zamani kikigeuka kuwa kipya mbele ya macho yake, na kwenye Opera Mini iliyowekwa kubana data sana, mabadiliko yenyewe huenda yasitokee. Kama una mtu wa kukutengenezea, toleo lichaguliwe kwenye seva kabla ukurasa haujatumwa, na chaguo likumbukwe kwa kuki ili mgeni akirudi kesho aone lilelile. Usigawe kwa anwani ya IP, kwa maana kampuni za simu huweka simu nyingi nyuma ya anwani moja. Wala usiwachuje wageni kwa nchi. Tangu Facebook ilipofungwa Uganda Januari 2021, watu wengi huifikia kwa VPN, na mnunuzi aliyeko Kasese anaweza kuhesabiwa kama yuko Uholanzi. Na anwani ya ukurasa ibaki ileile kwa matoleo yote, ili mtu akiituma kwenye kundi la wafugaji, kundi zima lisimwagike kwenye toleo moja.

Kabla ya kutazama oda, tazama idadi ya wageni. Kwa wageni 3,050 walioahidiwa nusu kwa nusu, 1,540 na 1,510 ni kawaida. Ukipata 1,600 na 1,450, bahati peke yake huleta pengo la ukubwa huo kwa nadra, chini ya mara moja katika majaribio 100. Tafuta hitilafu kwanza, kwani matokeo hayo hayasomeki.

Tuseme mgawanyo uko sawa, na baada ya wiki mbili, pamoja na zile siku saba za kusubiri malipo, jozi ya zamani imepata arubuni 84 kwa wageni 2,105, na jozi ya "tunakuongezea wawili" imepata 121 kwa wageni 2,095. Hiyo ni 4.0 dhidi ya 5.8 katika 100. Tofauti ni 1.8, lakini ukipiga hesabu ya mashaka, tofauti ya kweli inaweza kuwa popote kati ya 0.5 na 3.1. Ninaiweka jozi mpya, kwa sababu upande wote wa mashaka uko juu ya sifuri, ila simwambii mwenye kituo kwamba oda zitapanda kwa karibu nusu. Namwambia zimepanda, na kwamba kiasi chake tutakiona kwenye daftari la miezi miwili ijayo. Jaribio linalofuata liwe la swali la basi dhidi ya jozi hii iliyoshinda, lianze baada ya sikukuu.